Chumba kimoja, madarasa matatu, ratiba moja: maswali ya walimu na majibu

Ninafundisha darasa la 3, la 4 na la 5 katika chumba kimoja. Nimekabidhiwa ratiba tatu, moja ya kila darasa. Nizifuateje zote?

Huwezi kuzifuata, mwalimu, na hupaswi kujaribu, kwa sababu kila moja imeandikwa kana kwamba darasa hilo lina mwalimu wake mwenyewe. Zitunze hata hivyo, maana zinakueleza kila darasa linadai vipindi vingapi vya kila somo kwa wiki, na madai hayo lazima yatimizwe. Kinachobadilika ni mahali unapoanzia kupanga. Mwalimu wa darasa moja huanza na masomo kisha akayagawa katika siku. Mwalimu wa madarasa mseto huanza na dakika zake mwenyewe, kwa kuwa ndizo zisizotosha.

Chora jedwali lenye safu moja kwa kila darasa, kisha uongeze safu ya mwisho inayosema mwalimu yuko wapi. Safu hiyo ndiyo inayoifanya ratiba kuwa ya madarasa mseto. Katika kila kisanduku andika somo na moja ya herufi tatu: P, yaani madarasa yote yako pamoja na mwalimu, M, yaani darasa hilo liko na mwalimu, na K, yaani linafanya kazi bila mwalimu. Ukimaliza, soma jedwali mstari kwa mstari. Ukikuta M mbili kwenye mstari mmoja, umejipangia kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukikuta mstari wote ni K, kuna muda ambao hujajipangia kazi.

Tuchukue asubuhi yenye vipindi 4 vya dakika 40, yaani dakika 160, tuigawe katika vipande 8 vya dakika 20. Vipande vinne vya kwanza ni vya lugha na vinne vya mwisho ni vya hisabati.

| Kipande | Darasa la 3 | Darasa la 4 | Darasa la 5 | Mwalimu |
|---|---|---|---|---|
| 1 | P | P | P | wote |
| 2 | M | K | K | la 3 |
| 3 | K | M | K | la 4 |
| 4 | K | K | M | la 5 |
| 5 | M | K | K | la 3 |
| 6 | K | M | K | la 4 |
| 7 | K | K | M | la 5 |
| 8 | P | P | P | wote |

Hesabu yake ni hii: kila darasa limepata vipande viwili vya M na viwili vya P, yaani dakika 80 kati ya 160 likiwa na mwalimu. Laiti vipande vyote vingegawanywa kwa darasa mojamoja, kila darasa lingepata dakika 53 tu. Kwa hiyo kila kipande cha P kinachotumika vizuri ni faida kwa madarasa yote matatu, na ndiyo sababu nakushauri uanze kwa kutafuta mambo yanayoweza kufanywa pamoja kabla ya kugawa chochote: kusikiliza hadithi na kuijadili, hesabu za kichwa zenye maswali ya ngazi tofauti, majaribio ya sayansi, michezo, kuimba na kuchora.

Angalia pia mpangilio wa M. Hakuna darasa lililoachwa bila mwalimu zaidi ya vipande viwili mfululizo, yaani dakika 40, na kwa umri huo sioni busara kuzidisha hapo. Ukilishika sharti hilo kwa madarasa matatu, utaona kwamba mzunguko wa asubuhi hauna uhuru: ukianza kwa la 3, la 4, la 5, lazima urudie kwa utaratibu uleule, kwani ukiugeuza katikati, mojawapo litakaa vipande vitatu peke yake. Ukitaka kubadilisha anayeanza, badilisha siku inayofuata: Jumatatu darasa la 3 lianze, Jumanne darasa la 4, Jumatano la 5. Mabadiliko hayo yana maana kubwa, kwa sababu darasa linalotangulia hukupata ukiwa na nguvu, na linalofuata mwisho hupata kilichobaki endapo waliotangulia wamekula muda.

Ni bora madarasa yote yawe kwenye somo moja kwa wakati mmoja, au kila darasa liwe na somo lake?

Jedwali la hapo juu linaweka madarasa yote kwenye somo moja, na kwa hisabati na lugha huo ndio upande ninaouegemea. Sababu ya kwanza ni kwamba kichwa cha mwalimu hakiruki kutoka sarufi kwenda kwenye hesabu za sehemu na kurudi kwenye ramani kila baada ya dakika 20. Sababu ya pili ni kwamba vifaa vinakuwa vya aina moja mezani, na mwanafunzi wa darasa la 5 aliyesahau jambo la darasa la 3 hulisikia tena linapofundishwa hatua chache kutoka kwake bila kuaibishwa na mtu.

Faida hiyo hupatikana zaidi pale mada zinapokuwa za ukoo mmoja. Ukiweka maazimio ya kazi ya madarasa matatu sambamba mwanzoni mwa muhula, utakuta kwamba mada ya sehemu, kwa mfano, imo katika yote, ila katika wiki tofauti. Mtaala kwa kawaida hupangwa kwa ngazi zinazopanda mwaka hadi mwaka, hivyo unaweza kuzisogeza ili zikutane: darasa la 3 likiwa kwenye nusu na robo, darasa la 4 kwenye sehemu zilizo sawa, na darasa la 5 kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Sogeza mada ndani ya mwaka uleule wa darasa husika, na kwanza hakikisha kwamba mada unayoivuta mbele haidai kitu ambacho watoto hawajafundishwa. Sehemu zenye asili tofauti haziendi popote kwa mtoto asiyejua vigawe.

Kuna hali moja ambapo masomo tofauti hufaa zaidi, nayo ni pale darasa moja linapoanza mada mpya ngumu na unahitaji muda mrefu nalo. Siku hiyo mpe mwenzake somo lenye kazi ndefu ya utulivu, kama kuandika insha, kuchora ramani au kusoma kimya. Unachokwepa ni kuweka mada mbili ngumu na mpya siku moja katika madarasa mawili. Hilo ndilo kosa la upangaji linaloonekana zaidi katika ratiba zilizoshindwa, na dalili yake ni kwamba mwalimu anakimbia huku na huku chumbani na mwisho wa kipindi hakuna darasa lililofika mwisho wa somo.

Nina madarasa mawili tu, la 3 na la 4, na vipindi vya dakika 40 ambavyo siwezi kuvibadilisha. Naomba kuonyeshwa kipindi kimoja cha hisabati, dakika kwa dakika.

Njia nitakayoieleza imezoeleka sana katika shule ndogo za vijijini nchini Japani, ambako mwalimu wa madarasa mawili hupanga hatua za somo zipishane: darasa moja likiwa kwenye hatua inayomhitaji, la pili liwe kwenye hatua isiyomhitaji, kisha wabadilishane. Kila somo lina hatua za namna hiyo. Kukumbusha ya jana na kufanya zoezi havikuhitaji sana; kuingiza jambo jipya na kusahihisha uelewa vinakuhitaji kabisa.

Mada ni sehemu. Kabla ya kengele, gawa ubao kwa mstari wa wima na uandike upande wa darasa la 4 maswali matano ya marudio ya jana, pamoja na swali la sita lililo gumu kidogo kwa watakaowahi. Andaa vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, vinne kwa kila mwanafunzi.

Dakika ya 0 hadi ya 3 wote wako pamoja. Unawauliza: mkate ukigawiwa watu wawili sawasawa, kila mmoja anapata kiasi gani? Na ukigawiwa wanne? Kisha unalielekeza darasa la 4 kwenye upande wake wa ubao, na unabaki umelitazama mpaka kalamu zote zianze kuandika.

Dakika ya 3 hadi ya 13 uko na darasa la 3. Wanakunja karatasi ya kwanza mara moja na kuandika 1/2 kwenye kila upande. Wanakunja ya pili mara mbili na kuandika 1/4 kwenye kila sehemu. Mpe mmojawao karatasi iliyokunjwa vibaya, yenye vipande visivyolingana, na uulize kama kila kipande ni robo. Jibu la swali hilo ndilo litakalokueleza kama wameelewa, kwa sababu wengi huhesabu vipande bila kuangalia kama viko sawa. Wakati huo darasa la 4 linamaliza marudio na kulinganisha majibu wawili wawili.

Dakika ya 13 hadi ya 15 unalipa darasa la 3 kazi yake: kukunja karatasi ya tatu mara tatu, kuhesabu sehemu zilizopatikana, kuzipaka rangi kwa namna mbili tofauti na kuchora walichofanya kwenye daftari. Dakika mbili hizi ni za kusimama pale na kuona wameanza, si za kutoa agizo ukiwa unatembea.

Dakika ya 15 hadi ya 28 ni za darasa la 4. Wanakunja karatasi zao tatu, ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili na ya tatu mara tatu, wanazipanga moja chini ya nyingine, na wanaona kwamba 1/2, 2/4 na 4/8 zina urefu mmoja. Ndipo unapoingiza kanuni ya kuzidisha kiasi na asili kwa namba ileile. Unafanya mifano miwili ubaoni, wa tatu unafanywa na mwanafunzi, kisha unawapa zoezi na unasimama tena mpaka wote waanze.

Dakika ya 28 unarudi darasa la 3 na kukaa nalo hadi ya 34, ukipitia daftari na kumwomba mmoja aeleze kwa maneno yake kwa nini 1/8 ni ndogo kuliko 1/4 ingawa 8 ni kubwa kuliko 4. Dakika ya 34 hadi ya 38 unapitia zoezi la darasa la 4. Dakika mbili za mwisho ni za wote: mwanafunzi wa darasa la 3 anainua robo yake, wa darasa la 4 anataja sehemu nyingine iliyo sawa nayo.

Darasa la 3 limekupata kwa dakika 18 zake lenyewe na darasa la 4 kwa dakika 17, ukiondoa dakika 5 za pamoja. Si nyingi, lakini kila moja imetumika pale ilipohitajika. Usijaribu mpango huu kwa madarasa matatu ndani ya dakika 40, kwani zamu tatu na mapitio matatu hazitoshi humo. Kwa madarasa matatu unganisha vipindi viwili kuwa kimoja cha dakika 80, au acha darasa moja lifanye kazi ya kujitegemea kipindi kizima siku hiyo na ulifikie kwa dakika tatu tu, ukizungusha zamu hiyo siku hadi siku.

Nikiwa nafundisha kundi moja, watoto wa kundi jingine hupanga foleni mezani kwangu kuuliza. Nifanyeje?

Foleni hiyo ina sababu tatu za kawaida, na dawa ya kila moja ni tofauti, kwa hiyo kwanza sikiliza wanachouliza. Kwa siku mbili tu, andika pembeni mwa andalio lako neno moja kwa kila mtoto anayekuja.

Wengi wakiuliza "tufanye nini?", agizo halikueleweka. Liandike ubaoni badala ya kulitamka tu, liwe fupi, na mwombe mwanafunzi mmoja alirudie kwa sauti kabla hujaondoka. Wengi wakiuliza "nimemaliza, nifanye nini sasa?", umewapa kazi fupi kuliko muda. Kazi ya K lazima iwe na mkia: sehemu ambayo wote wanaiweza, sehemu inayowachukua wengi hadi mwisho, na swali la ziada. Wengi wakiuliza "hivi ni sahihi?", hawana namna ya kujisahihisha. Weka kadi ya majibu mahali pamoja chumbani, na kanuni iwe kwamba haifunguliwi mpaka maswali yote yawe yamejibiwa. Kwa hisabati hilo hufaa sana. Kwa insha badala yake tumia mwenzake wa dawati, ambaye anasoma na kutia alama pale alipokwama.

Baada ya hapo weka kanuni moja inayojulikana na wote: anayekwama anaangalia tena ubao au kitabu, akishindwa anamuuliza jirani, akishindwa bado anaruka swali na kuendelea na jingine, na mwalimu anaulizwa zamu inapofika. Kanuni hiyo huchukua wiki kadhaa kuingia, na itavunjika ukiijibu foleni hata mara chache, kwani watoto hufuata unachofanya. Bila shaka mtoto aliyeumia au aliyefadhaika hasubiri kanuni hiyo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kazi ya K ambalo naliona ni zito. Kazi ya kujitegemea isiwe ya kuanzisha jambo jipya, isipokuwa kama una vitabu vilivyoandikwa kwa kusudi hilo. Mradi wa Escuela Nueva, ulioanzia katika shule ndogo za vijijini nchini Kolombia katikati ya miaka ya 1970, uliwawezesha watoto kujifunza mambo mapya bila mwalimu kuwasimamia kila dakika, lakini ulifanya hivyo kwa miongozo ya kujifunzia iliyowaelekeza hatua kwa hatua. Kitabu cha kawaida cha kiada hakikuandikwa hivyo. Kinategemea mwalimu awepo aeleze. Ukimwachia mtoto ukurasa mpya wa kitabu hicho, atanakili mfano bila kuuelewa, na wiki inayofuata utakuta makosa ya aina moja katika daftari zote.

Darasa la 1 linameza muda wangu wote na darasa la 2 limebaki nyuma. Nigawe vipi kwa haki?

Haki hapa haimaanishi dakika sawa. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kufuata agizo la ubaoni, na kazi ya peke yake humshika kwa dakika kama 10 hadi 15, kisha hutawanyika. Kwa hiyo darasa la 1 litapata zamu nyingi zilizo fupi, nalo darasa la 2 zamu chache zilizo ndefu. Badala ya vipande vya dakika 20, tumia vya dakika 10 au 15 kwa darasa la 1, na maagizo yake yawe picha: kadi yenye mkasi, kadi yenye kalamu, kadi yenye kitabu, zimepangwa ukutani kwa mfuatano wa kazi.

Weka somo la kusoma la darasa la 1 mwanzoni kabisa mwa siku, na lipe darasa la 2 kazi ya kuandika ambayo ilielezwa jana mwisho wa siku. Hivyo hutahitaji kutoa maelezo kwa madarasa mawili asubuhi moja watoto wakiwa bado wanaingia. Na kama katika shule yako darasa la 1 linatoka mapema kuliko mengine, vipindi vya mwisho vya siku ni mali ya darasa la 2. Walimu wengi huviacha kwa kuchora na kuimba kwa sababu watoto wamechoka. Mimi ningevitoa kwa kusoma kwa sauti mbele ya mwalimu, mmoja mmoja, kwa sababu hakuna wakati mwingine wowote wa siku utakaokuwa peke yako na darasa hilo.

Mwanafunzi wa darasa la 2 anaweza kumsikiliza wa darasa la 1 akisoma, na wote wawili hufaidika, mradi iwe kwa dakika 10, awe anabadilishwa, na kazi yake iwe ya kusikiliza na kurekebisha maneno wala si ya kufundisha herufi mpya. Mtoto yuleyule hodari akifanywa msaidizi kila siku, utamkuta ana daftari lenye kurasa chache kuliko wenzake.

Ili kujua kama mgawanyo wako ni mzuri, weka alama katika safu ya mwalimu kwa wiki mbili, si kwa yaliyopangwa bali kwa yaliyotokea. Jumlisha dakika za kila darasa. Ikiwa ratiba inasema darasa la 2 lina dakika 60 kwa siku na alama zinaonyesha 35, tatizo haliko kwenye ratiba bali mahali fulani ambapo zamu ya darasa la 1 haifungwi kwa wakati, na kwa kawaida mahali hapo huwa palepale kila siku.

Nimesikia kwamba sayansi inaweza kufundishwa kwa mzunguko wa miaka miwili kwa madarasa mawili. Je, ni halali kwa watoto wanaofundishwa mada za darasa la 4 wakiwa la 3?

Inawezekana, na kwa masomo ya maarifa huokoa muda kuliko mbinu nyingine yoyote, maana kipindi chote kinakuwa cha P. Unachukua mada za darasa la 3 na za darasa la 4, unazigawa upya katika mwaka A na mwaka B, na madarasa yote mawili yanasoma mada za mwaka A pamoja, kisha za mwaka B. Mwaka A unaweza kuwa na mimea, maji, hewa na usafi. Mwaka B wanyama, udongo, nishati na magonjwa. Mtoto anayeingia darasa la 3 katika mwaka B huanza na B na kumaliza na A. Baada ya miaka miwili kila mtoto amepitia zote.

Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha. Kwanza, mada zisitegemeane kati ya mwaka na mwaka. Ukikuta mbili ambazo moja ni msingi wa nyingine, ziweke katika mwaka mmoja na uzifundishe kwa mfuatano. Ndiyo maana mzunguko huu haufai kwa hisabati wala kwa kujifunza kusoma, ambako kila hatua inakaa juu ya iliyotangulia. Pili, angalia mitihani ya nje. Ikiwa mtihani unafanyika mwisho wa darasa la 4 na unapima mada za miaka yote miwili, hakuna tatizo. Ikiwa kuna mtihani mwisho wa darasa la 3 unaopima mada za darasa la 3 pekee, watoto wataulizwa wasichofundishwa, basi acha mzunguko. Tatu, pata idhini ya mwalimu mkuu na ya wanaosimamia mtaala, na uandike mzunguko huo kwenye karatasi inayobaki shuleni, yenye mwaka na mada zilizokwisha kufundishwa. Mwalimu akihama bila kuacha karatasi hiyo, anayempokea hurudia mwaka A kwa watoto waliokwisha kuusoma, na mwaka B hauwafikii kamwe. Mtoto anayehamia kutoka shule nyingine naye aandikiwe mada alizozikosa siku anayopokelewa.

Mada ikiwa moja, kazi zisiwe moja. Katika somo la kuota kwa mbegu, wote wanapanda maharage na wote wanatazama. Darasa la 3 linachora mche kila baada ya siku mbili na kutaja sehemu zake. Darasa la 4 linapima urefu kwa rula, linajaza jedwali na kuandika kwa nini mbegu iliyonyimwa maji haikuota. Mwaka wa pili mada itakuwa nyingine, lakini ngazi ya kazi itapanda kwa kila mtoto.

Kwa madarasa matatu sipendekezi mzunguko wa miaka mitatu. Tofauti ya umri inakuwa kubwa mno kwa mjadala mmoja, na kosa moja la kumbukumbu huchukua miaka mitatu kurekebishwa. Zungusha madarasa mawili makubwa, nalo dogo liwe na kazi yake ya K au lishiriki majaribio tu.

Mkaguzi anadai andalio la somo la kila darasa kwa kila kipindi. Naandika hadi usiku. Kuna njia fupi?

Andika andalio moja lenye safu mbili au tatu, moja ya kila darasa, na dakika ziandikwe pembeni kushoto ili mstari mmoja uonyeshe kila darasa linafanya nini wakati uleule. Kila safu iwe na lengo lake mahususi na namna yake ya kupima, maana hayo ndiyo mkaguzi anayoyatafuta. Mwonyeshe mwalimu mkuu muundo huo kabla ya ukaguzi, akubali na kutia saini. Kazi za K zisiandikwe upya kila siku: andika seti ya kazi kwa kila mada kwenye kadi, uzipe namba, na katika andalio utaje namba tu. Mwaka wa pili utakuwa na kadi nyingi tayari, na muda wako wa jioni utaenda kwenye sehemu ya M, ambayo haiwezi kutayarishwa vizuri kabla hujaona daftari za siku hiyo.